Miezi Kumi na Minne: Je, Jibu Fupi Laweza Kuwa la Kweli?

Mwaka huu, karibu na likizo ndefu, niliomba kazi ya muda katika ofisi ya kupokea vifurushi vya basi hapa Kampala. Walihitaji mtu anayejua Kiswahili vizuri, kwa sababu wateja wengi hutuma mizigo Kenya na Tanzania. Siku chache baadaye afisa wa ajira alinitumia baruapepe yenye maswali manne ya mchujo. Matatu niliyajibu kwa robo saa. La nne lilinikalisha macho usiku kucha. Liliuliza hivi: kati ya Machi 2022 na Aprili 2023 wasifukazi wako hauonyeshi kazi wala masomo, tafadhali eleza kwa sentensi chache.

Insha hii inahusu swali hilo. Nitajadili mambo mawili. La kwanza ni kama mtu anaweza kusema kila neno la kweli na bado akamdanganya anayemsikiliza. La pili ni kama ufupi wa jibu ni njia ya kuficha, au wenyewe unaweza kuwa sehemu ya uaminifu. Nitatumia kisa changu kwa sababu ndicho ninachokijua tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisa chenyewe ni hiki. Baada ya kumaliza kidato cha sita niliajiriwa Julai 2021 kama keshia katika duka moja la jumla mjini Mbale. Mwishoni mwa Februari 2022, tulipofunga hesabu za mwezi, droo yangu ilipungukiwa na shilingi 180,000. Sikuziiba. Lakini mara kadhaa nilipokwenda kula chakula cha mchana nilimwachia mwenzangu droo ileile bila kuhesabu fedha kwanza, kwa hiyo sikuwa na namna ya kuonyesha upungufu ulitokea mikononi mwa nani. Nilikatwa mshahara, nikaambiwa nisirudi. Machi, Aprili na Mei nilitafuta kazi bila kupata. Mwezi wa Juni mama aliugua, nami nikiwa binti mkubwa na nisiye na kazi, nikarudi nyumbani kumhudumia hadi Aprili 2023. Mei nikapata kazi ya kutoa fotokopi, na Agosti nikaanza chuo.

Msomaji akihesabu ataona kwamba pengo ni la miezi 14, na kwamba ugonjwa wa mama unaeleza miezi 11 tu. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kwanza nilimpigia simu mjomba, ambaye ndiye mshauri wa familia yetu. Alinijibu bila kusita: "Mpwa wangu, andika kwamba ulikuwa na biashara yako ya nguo. Nani atakwenda kuitafuta?" Ushauri huu ni wa kawaida sana, na wengi wetu tumewahi kuusikia. Nilijaribu kuuandika. Kisha nikajiuliza maswali ambayo mtu anayepokea fedha na mizigo kila siku angeyauliza kwenye simu. Ulianza na mtaji kiasi gani? Nguo ulinunua wapi, kwa mafungu au kwa kipande? Kwa nini uliacha? Kila swali lingehitaji uongo mwingine, na kila uongo ungepaswa kulingana na ule uliotangulia. Ndiyo maana wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi: hafiki mbali kabla ya kukutana na swali ambalo hakulitunga yeye. Vivyo hivyo kwa anayesogeza tarehe. Ningeandika kwamba niliacha duka Desemba 2022, simu moja kwa mwajiri wa zamani ingetosha kuonyesha kuwa niliondoka Februari, na tangu hapo hata yaliyo kweli katika wasifukazi wangu yangeshukiwa.

Lakini sitaki hoja yangu isimame juu ya hofu ya kukamatwa. Kama uongo ni mbaya kwa sababu tu unagundulika, basi mwongo hodari hana kosa. Ubaya wa ushauri wa mjomba ni kwamba unamfanya afisa yule aamue jambo lake, yaani nani atashika fedha za ofisi yake, kwa kutumia picha niliyoichora mimi nikijua si ya kweli. Ninamwondolea uamuzi wake bila yeye kujua.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa na ushauri wa hila zaidi. "Usiseme uongo," alisema. "Andika tu kwamba katika kipindi hicho ulimhudumia mama mgonjwa. Si ni kweli?" Ni kweli. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi na sikuona neno moja la uongo ndani yake. Katika kipindi hicho nilimhudumia mama. Sikusema ni kipindi chote. Tena sentensi hiyo ina nguvu: nani atamuuliza zaidi binti aliyemuuguza mama yake?

Hapa ndipo masomo yetu ya pragmatiki yalipoacha kuwa ya mtihani tu. Katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, mwanafalsafa Paul Grice alieleza kwamba watu wanapozungumza huchukulia kuwa wanashirikiana. Msikilizaji hutarajia aambiwe kiasi kinachohitajika, aambiwe kile ambacho msemaji anaamini ni kweli, kinachohusiana na swali, na kwa namna iliyo wazi. Kwa sababu ya matarajio hayo, maneno hubeba maana dokezi ambayo haimo katika sentensi yenyewe. Mtu akiniuliza umeuza maembe mangapi, nikajibu matano, ataelewa kuwa ni matano tu, ingawa aliyeuza kumi pia ameuza matano.

Sasa turudi kwenye sentensi ya mwenzangu. Afisa ameuliza kuhusu miezi 14. Nikimpa sababu moja bila kuigawa, ataelewa kwamba sababu hiyo inaeleza miezi yote 14, na tena kwamba ndiyo iliyoniondoa dukani. Hakuna kati ya mambo hayo mawili niliyoyasema, na yote mawili si kweli. Mimi ninajua ataelewa hivyo. Ukweli ni kwamba ninaichagua sentensi hiyo kwa sababu ataelewa hivyo. Kama asingeelewa hivyo, nisingekuwa na haja nayo.

Wapo wanaotetea njia hii. Katika mihadhara yake ya maadili, Immanuel Kant alitoa mfano wa mtu anayefungasha mizigo yake ili wanaomwona wadhani anasafiri. Kant, ambaye tunamjua kuwa mkali kuliko wote juu ya uongo, aliona kwamba huyo hajasema uongo, kwa kuwa watazamaji hawakuwa na haki ya kudai awaeleze nia yake. Wanaweza kukisia wanavyotaka. Je, sentensi yangu si mizigo iliyofungashwa tu?

Kwa maoni yangu, sivyo. Mtu anayefungasha mizigo hajaulizwa kitu. Mimi nimeulizwa, na nimekubali kujibu. Nilipotuma maombi nilimkaribisha afisa yule aniamini, na kujibu swali lake ni kumwambia: chukua haya, yategemee. Nikimpa maneno niliyoyapanga ayategemee vibaya, tofauti kati yangu na mjomba ni ya ufundi tu. Kilichobadilika ni kwamba mimi nitaweza kujitetea baadaye kwa kusema, "Lakini sikusema hivyo." Utetezi huo unanifaa mimi, yeye haumfai kitu.

Kutokana na hilo nilijitungia kipimo ambacho naona kinaweza kuwasaidia wenzangu. Mfikirie aliyekuuliza amekuja kuujua mkasa wote miezi sita baadaye. Atasema, "Hukuniambia"? Au atasema, "Ulinipotosha"? La kwanza ni lalamiko la mtu ambaye hakupewa kila kitu, na hakuna anayestahili kupewa kila kitu. La pili ni lalamiko la mtu aliyeongozwa kwa mkono hadi penye kosa. Ukimya unaweza kutetewa mbele ya lalamiko la kwanza. Hila haiwezi kutetewa mbele ya la pili.

Baada ya kuukataa uongo na kuikataa hila, nilifanya kosa la tatu, ambalo sikulitarajia. Niliandika ukweli wote. Usiku ule nilijaza karibu ukurasa mzima: jinsi mwenzangu alivyokuwa akichukua droo, jinsi alivyonunua simu mpya wiki ileile, ugonjwa wa mama na jina lake, hospitali tulizozunguka, deni tulilobaki nalo. Nilipomaliza nilijisikia msafi. Asubuhi nilipousoma tena niliona aibu, na nikajaribu kuelewa aibu hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa hakukuwa na uongo hata mmoja.

Ilitoka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni yule mwenzangu wa dukani. Habari ya simu mpya ilikuwa kweli, lakini niliiweka pale ili afisa afikie hukumu ambayo mimi mwenyewe sina ushahidi nayo. Nilikuwa nimerudia hila ileile ya maana dokezi, safari hii dhidi ya mtu ambaye hayupo na hawezi kujibu. Sehemu ya pili ni mama. Ugonjwa wake ni wake. Nilipewa kuujua kwa sababu nilimwogesha na kumlisha. Sikupewa ili niutumie kuombea kazi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haikupewa ruhusa ya kuitangaza. Hata katika insha hii sitautaja.

Kwa hiyo ufupi si adui wa uaminifu kama nilivyodhani mwanzoni. Jibu refu lina nafasi nyingi za kuwadhulumu wasiokuwepo, na mara nyingi urefu wake ni wa kumtuliza msemaji, si wa kumfaa msikilizaji. Swali lenyewe linatuonyesha mpaka. Afisa anayesoma maombi mengi kwa siku hatafuti maisha yangu. Anapouliza kuhusu pengo anataka kujua nini kilitokea kwa jumla, kama kimekwisha, na kama kinaigusa kazi anayoitoa. Nikimjibu hayo matatu kwa ukweli, nimemjibu.

Lakini hapo hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu jambo la tatu lilinigusa. Kazi niliyoiomba ilikuwa ya kupokea fedha. Ingekuwa kazi ya kutafsiri nyaraka, naamini ningeweza kuandika "niliondoka dukani mwishoni mwa Februari 2022" na kuishia hapo. Sentensi hiyo haidai kwamba niliondoka kwa hiari wala kwamba mkataba ulikwisha. Haimpeleki msomaji popote, na inamwachia mlango: akitaka kujua kwa nini niliondoka, atauliza, nami nitamjibu. Kwa kazi ya droo ya fedha, hata hivyo, upungufu wa fedha katika droo ndiyo habari ambayo mwajiri yeyote angetaka kuijua kabla ya yote. Kuiacha kungekuwa kumwachia atoke na lalamiko la pili, lile la kupotoshwa.

Mwaka 1797 Benjamin Constant alimpinga Kant kwa kusema kwamba wajibu wa kusema kweli ni kwa yule tu mwenye haki ya kuujua ukweli huo. Kant alimjibu mwaka huohuo kwamba kusema kweli ni wajibu kwa kila mtu, hata kwa muuaji anayemtafuta rafiki yako mlangoni. Siwezi kwenda na Kant hadi kwa muuaji. Lakini hata kwa kumfuata Constant, sikuona njia ya kutoka. Anayenikabidhi fedha zake ana haki ya kujua nilivyozishika za aliyetangulia. Asichokuwa na haki nacho ni jina la ugonjwa wa mama, wala kisa cha mwenzangu. Haki yake ina mipaka, lakini upungufu ulikuwa ndani ya mipaka hiyo.

Jibu nililolituma hatimaye ni hili: "Niliondoka dukani mwishoni mwa Februari 2022 baada ya upungufu wa shilingi 180,000 katika droo niliyokuwa na wajibu nayo, nilikatwa fedha hizo, na sikuendelea na kazi. Kwa miezi mitatu nilitafuta kazi bila kupata. Kuanzia Juni 2022 hadi Aprili 2023 nilimhudumia mgonjwa nyumbani. Jukumu hilo limekwisha, na tangu Mei 2023 nimekuwa kazini au masomoni bila kukatika."

Nieleze kwa nini kila sentensi imekaa hivyo. Nimeandika "niliyokuwa na wajibu nayo" kwa sababu sikuiba, na sikutaka kukiri nisilolitenda. Lakini pia sikuandika "upungufu uliosababishwa na wengine", kwa kuwa sijui. Miezi mitatu ya kutafuta kazi nimeitaja peke yake ili isimezwe na ugonjwa. Nimesema "mgonjwa" bila kumtaja mama, na nisingeona vibaya mtu mwingine akisema "mama", maadamu ni uamuzi wake na wa mama huyo. Sentensi ya mwisho ipo kwa sababu anayeuliza kuhusu pengo anahofia lisirudi, na tarehe zinamjibu vizuri kuliko ahadi.

Je, anayeulizwa hana kinga yoyote? Anayo. Swali likivuka mpaka, mtu anaweza kukataa waziwazi. Afisa angeniuliza mgonjwa ni nani na anaugua nini, ningejibu, "Hilo ni la familia, naomba nisilieleze." Kukataa si kudanganya, kwa sababu anayekataliwa anajua kwamba kuna kitu hakupewa. Vilevile Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, ulemavu na hali ya VVU. Mtu ambaye pengo lake lilitokana na afya yake mwenyewe anaweza kusema "nilikuwa na tatizo la afya, sasa naweza kufanya kazi" ikiwa ndivyo ilivyo, na akaishia hapo bila hatia yoyote.

Kuna pingamizi moja ambalo mwenzangu wa chumbani alinitolea, nami naliheshimu. Alisema kwamba ulimwengu wa ajira hauna usawa. Waombaji wengine watatumia biashara za nguo za kubuni, na anayesema kweli atabaki nyuma. Alinikumbusha pia kwamba nchi nzima ina pengo: shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022, na hakuna anayetudai maelezo ya miaka hiyo. Pengo la wote husamehewa. Pengo la mmoja huchunguzwa. Kwa nini maskini alipe gharama ya uaminifu ambayo wengine hawalipi?

Ningependa kumjibu kwamba uaminifu hulipa. Siwezi. Afisa alinipigia simu kesho yake. Hakuuliza lolote kuhusu mgonjwa. Aliuliza jambo moja: "Siku hizi ukimwachia mtu droo unafanyaje?" Nilimwambia kwamba katika kazi ya fotokopi tulihesabu fedha mbele ya wote wawili kabla ya kupokezana, tukaandika kiasi katika daftari na kutia saini sote. Alisema asante, binti. Sikuitwa tena. Huenda ni kwa sababu ya jibu langu, huenda walipata mwenye uzoefu zaidi. Hawakuniambia, nami sikuwa na haki ya kudai.

Kwa hiyo hoja yangu haina zawadi mwishoni. Mwenzangu ana haki ya kusema kwamba mfumo unaomchunguza mmoja na kuwasamehe wote unapaswa kubadilika, na wanaouliza maswali hayo wana wajibu wa kuuliza yale tu yanayohusu kazi. Ila kutokuwepo kwa usawa hakumfanyi afisa yule mmoja, aliyeniuliza kwa adabu na kunisikiliza kwa adabu, awe mtu ninayeruhusiwa kumpotosha. Gharama niliilipa, na ilikuwa kubwa kwangu. Ada ya muhula huu ilinilazimu nimkope mjomba yuleyule.

Alipokuwa akinihesabia fedha aliniuliza kama sasa nimejifunza kuandika biashara ya nguo. Nilimwambia hapana, mjomba. Alicheka, akazihesabu mara ya pili mbele yangu, nami nikazihesabu mara ya tatu mbele yake.